Maombi ya kuendelezewa ufadhili wa mwaka wa tatu, na maelezo ya kushuka kwa matokeo yangu

Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Ufadhili,

Salamu, na poleni kwa kazi nyingi za msimu huu.

Mimi ni mnufaika wenu katika shahada ya Hisabati na Takwimu. Nimemaliza mwaka wa pili na ninaomba kuendelezewa ufadhili kwa mwaka wa tatu. Masharti yanataka wastani wa asilimia 65 kwa mwaka. Wangu wa mwaka wa pili ni 59.5. Sijafikisha, na ninawaandikia nikijua hilo. Mwaka wa kwanza nilipata 79 muhula wa kwanza na 77 wa pili. Mwaka wa pili nikashuka hadi 66, kisha 53, na somo moja, Milinganyo Tofautishi, nikafeli kabisa. Naomba mnisikilize kuhusu kilichotokea kati ya 77 na 53, kwa sababu kilikuwa na jina, na sasa kimepatiwa tiba.

Mapema mwaka wa pili nilianza kuona maandishi ya ubaoni yana vivuli. Herufi moja ilikuwa kama mbili zilizopandana. Niliona ni uchovu. Nilibadilisha miwani, nikasogea viti vya mbele, nikawa naazima madaftari ya wenzangu jioni ili ninakili nilichokosa mchana. Kunakili kulikula saa ambazo zamani nilizitumia kufanya maswali, na hisabati bila maswali haikai kichwani. Ndiyo maana anguko halikuja siku moja. Muhula wa kwanza niliweza kuziba pengo kwa kukesha. Muhula wa pili mada zilikuwa ngumu zaidi, na hapo kukesha hakukutosha tena.

Aliyegundua tatizo ni mhadhiri wangu wa Milinganyo Tofautishi. Baada ya matokeo kutoka aliniita, akaweka kijitabu changu cha majibu kando ya karatasi ya maswali. Swali la pili lilikuwa hili:

y'' − 6y' + 8y = 0

Mimi nilikuwa nimenakili 9 mahali pa 8. Swali lililoulizwa lina mizizi miwili tofauti, 2 na 4. Nililolijibu mimi lina mzizi mmoja unaojirudia, 3, na jibu lake lina umbo jingine kabisa. Nilikuwa nimejaza ukurasa mzima, hatua kwa hatua, bila kosa hata moja, kwa swali ambalo hakuna aliyeniuliza. Alinionyesha mengine matatu ya namna hiyo. Kisha akaniuliza, taratibu, "Unaona vizuri wewe?" Sikuweza kumjibu. Nililia pale pale ofisini kwake, maana kwa miezi kadhaa nilikuwa nimeshaamini kwamba akili yangu imefika mwisho wake.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda kliniki ya macho. Walipima umbo la konea, yaani ngozi angavu iliyo mbele ya jicho, wakaona imekuwa nyembamba na kuchomoza mbele kama pia, macho yote mawili, la kulia likiwa limezidi. Ugonjwa huu unaitwa keratokonasi na mara nyingi huanza katika ujana. Kwa kuwa uso wa jicho unakuwa haulingani, miwani ya kawaida haiwezi kunyoosha picha sawasawa, na ndiyo sababu ile miwani mipya haikunisaidia. Nilipewa lenzi ngumu za kuvaa juu ya jicho, nikakatazwa kabisa kufikicha macho, na nimepangiwa kupimwa kila baada ya miezi sita ili kuona kama konea inaendelea kubadilika. Ikibadilika, daktari ameshanieleza tiba ya kuikaza. Siku za mwanzo lenzi zilinichoma, nikawa nazivaa saa chache tu. Sasa ninazivaa siku nzima ya masomo.

Hata hivyo, ugonjwa hauelezi kila kitu, na sitaki kuuficha upande wangu. Nilikaa kimya. Ripoti ya katikati ya mwaka ambayo ninyi wenyewe mliniomba niliijaza kwa maneno "naendelea vizuri", ilhali nilikuwa nimekwishaona 66 na nilijua muhula uliofuata unanielemea. Niliogopa kwamba nikisema nina tatizo, mtaona mmemfadhili mtu asiyefaa. Kama ningesema wakati ule, huenda macho yangu yangepimwa kabla ya mitihani ya muhula wa pili. Kwa hilo naomba radhi. Mliniamini kwa fedha ambazo zingeweza kwenda kwa mwingine, nami sikuwaamini kwa sentensi moja ya ukweli.

Tangu nipate lenzi, mambo yamekwenda hivi. Likizo yote niliitumia kurudia mada za muhula wa pili tangu mwanzo, kwa maelezo yangu mwenyewe, si ya kuazima. Mtihani wa marudio wa Milinganyo Tofautishi nilipata 74. Najua kwa kanuni za chuo alama ya marudio haibadilishi wastani wa mwaka, kwa hiyo siwaombi muihesabu. Naiweka mbele yenu kama ushahidi kwamba somo lenyewe ninalimudu. Katika majaribio mawili ya mwanzo ya mwaka wa tatu nimepata 71 na 78. La kwanza nililifanya wiki ambayo jicho la kulia lilikuwa bado halijaizoea lenzi.

Nimebadilisha pia namna ya kufanya kazi. Kila ninaponakili swali, naweka kidole juu ya kila tarakimu na kuisoma tena kimoyomoyo kabla ya kuanza kukokotoa. Inanigharimu dakika chache kwa kila karatasi, na nitaendelea nayo hata macho yakitulia. Chuo kimekubali kunipa karatasi za mitihani zenye maandishi makubwa. Kila baada ya wiki mbili namwona mshauri wangu wa masomo, na tumekubaliana kwamba nikipata chini ya 65 kwenye jaribio lolote nitamwarifu siku hiyo hiyo, nisingoje mwisho wa muhula.

Ombi langu ni kuendelezewa ufadhili wa mwaka wa tatu. Ikiwa Kamati inaona ni vigumu kunipa mwaka mzima kwa matokeo haya, naomba muhula mmoja wa uangalizi: nifadhiliwe hadi mitihani ya muhula wa kwanza, na wastani wangu wa wakati huo, ukifika 65 au usifike, uwe ndio msingi wa uamuzi wa muhula wa pili. Nitakubali uamuzi huo. Nipo tayari pia kuwatumia alama za kila jaribio zinapotoka.

Nimeambatanisha ripoti ya daktari wa macho, barua ya mhadhiri aliyeligundua tatizo, matokeo ya mtihani wa marudio na ya majaribio mawili. Mhadhiri ameridhia kuulizwa. Kuhusu jicho, nimeipa kliniki ruhusa ya maandishi kuwajibu lolote mtakalotaka kuthibitisha.

Ripoti ya katikati ya mwaka niliyoijaza vibaya nimeiandika upya, nayo imo kwenye viambatisho, ikiwa na tarehe ya leo.

Wenu mtiifu,
Mnufaika, Shahada ya Hisabati na Takwimu, mwaka wa tatu