FOMU YA MAKABIDHIANO YA VIFAA VYA BWENI
Bweni la Wasichana Mlimwa, Dodoma Mjini. Muhula wa Kwanza, 2025

Mwanafunzi: namba 0147, Kidato cha Tatu, chumba cha 6, kitanda cha juu.

Kupokea: Jumapili, 12 Januari 2025

Vifaa vimekaguliwa mbele ya mwanafunzi na kiranja wa bweni. Ndoo, tranka na kufuli ni mali ya mwanafunzi, havimo humu.

| Kifaa | Namba | Hali |
|---|---|---|
| Dabo deka ya chuma | ML-23 | Nzima. Ngazi imelegea kwenye kipandio cha pili |
| Godoro, futi 2.5 kwa 6, inchi 4 | G-061 | La 2023. Doa la zamani upande wa kichwani |
| Shuka 2, foronya 1, mto 1 | – | Shuka na foronya mpya, nyeupe. Mto wa zamani |
| Blanketi la kijivu | B-112 | La Januari 2023, zima |
| Chandarua | C-019 | Kipya, hakina tundu |
| Kabati la mbao, mlango mmoja | K-088 | Komeo zima. Mguu wa nyuma umeliwa na mchwa |
| Stuli | ST-041 | Nzima |
| Meza ya watu wanne | M-06 | Nzima |

Mwanafunzi amesaini baada ya kuomba doa la godoro liandikwe. Alifanya vizuri; mwaka jana doa kama hilo lililetea mwenzake mzozo wa siku mbili.

Kurudisha: Alhamisi, 5 Juni 2025

Kitanda: sawa. Ngazi bado imelegea. Ni kazi ya fundi wa kuchomelea, hakuna tozo.

Shuka na foronya: zimerudi zote, zimefuliwa, lakini zimekuwa na umanjano. Maji yetu yana chumvi, na kila shuka nyeupe iliyopita humu inaonyesha hivyo. Hakuna tozo. Nimeshaomba mara mbili tununue za bluu. Mto uko sawa.

Godoro: mfuko umechanika sentimita 35 ubavuni. Mwanafunzi alilishusha peke yake kwenda kulianika, likanasa kwenye bolti ya kitanda. Amekiri. Sponji haikuguswa, kwa hiyo analipia kushona tu: 6,000.

Blanketi: halipo. Liliachwa kwenye kamba usiku wa upepo mkali mwezi Mei na asubuhi halikuonekana. Bei ya kununulia ilikuwa 25,000 na tunalihesabia miaka mitano. Limetumika karibu miwili na nusu, hivyo anadaiwa nusu: 12,500. Likipatikana, fedha inarudi yote.

Chandarua: tundu la moto, ukubwa wa ngumi. Umeme ulikatika akawasha mshumaa kitandani. Hapa sikupunguza hata shilingi. Kingeweza kushonwa, ila mshumaa ndani ya chandarua, chini ya dari la mbao, na wasichana wanane wamelala, si suala la kushona. Bei kamili: 12,000. Suala la nidhamu liko kwa mwalimu wa malezi na halichanganywi na fidia hii.

Kabati: komeo limeng'olewa baada ya ufunguo wa kufuli kupotea. Komeo 3,500, fundi 2,000, jumla 5,500. Ningemfungulia kwa msumeno wa chuma bure kama angesema. Mguu ulioliwa ni wa mchwa, si wake.

Stuli: alirudisha ST-014. Yake ilikuwa chumba cha 9. Tumebadilishana, hakuna tozo.

Meza: kona imevunjika, hakuna aliyekiri. Matengenezo ni 8,000, ambayo kwa kawaida wangegawana wanne, 2,000 kila mmoja. Lakini iliharibika kati ya tarehe 19 na 23 Mei, na daftari la ruhusa linaonyesha mwanafunzi huyu alikuwa nyumbani Kondoa kwenye msiba wiki hiyo yote. Ameondolewa. Deni linabaki kwa watatu.

Jumla ya fidia: Sh 36,000

Imelipwa leo kwa mhasibu Sh 20,000, stakabadhi namba 0388. Baki Sh 16,000, ilipwe kabla ya kupokea vifaa vya muhula wa pili. Fidia hii si ada wala mchango, na mwanafunzi hazuiwi kufanya mtihani kwa ajili yake. Fedha apewe mhasibu tu. Kiranja na matroni hawapokei.

Mzazi asiyekubaliana na kiasi chochote afike au apige simu ofisini ndani ya siku 7. Mfuko wa godoro, chandarua na komeo vimewekwa stoo hadi siku hizo ziishe, avione kwa macho yake.

Maelezo ya mwanafunzi: "Nakubali yote isipokuwa blanketi. Nililianika pamoja na wenzangu, yao yapo." Nimeyaandika kama alivyosema. Tozo inabaki, kwani kuanua kabla ya giza ni jukumu la mwenye blanketi.

Sahihi: mwanafunzi, amesaini. Kiranja wa bweni, amesaini. Matroni, nimesaini, saa 10:40 jioni.