Ukubwa wa sampuli na mbinu za kuipata: maelezo ya kurekebisha Sura ya Tatu ya tasnifu yako

Katika rasimu yako kuhusu uzingatiaji wa nyakati tano za usafi wa mikono umeandika kwamba "wauguzi 50 watachaguliwa kwa nasibu katika hospitali ya rufaa ya mkoa". Mtahini atakuuliza mambo mawili hapo: kwa nini 50, na nasibu ipi? Ni maswali tofauti, na jibu la moja halitoshelezi la pili. Ukikusanya wauguzi 300 kwa njia yenye upendeleo, utakuwa na upendeleo ule ule, ila wenye tarakimu nyingi zaidi.

Tuanze na idadi. Utafiti wako unakadiria asilimia ya wauguzi wanaozingatia utaratibu, kwa hiyo fomula inayofaa ni hii ya Cochran:

```
n0 = Z^2 * p * (1 - p) / d^2
n  = n0 / (1 + (n0 - 1) / N)
```

Z ni 1.96 kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, d ni kosa unaloweza kulivumilia, yaani 0.05, na p ni kadirio la asilimia unayoitafuta. Ukiwa na utafiti wa awali uliofanyika katika mazingira yanayofanana na yako, chukua p kutoka humo. Usipokuwa nao, tumia 0.5, kwa kuwa hapo ndipo p(1 − p) inapofikia kilele chake na kukupa sampuli kubwa kuliko p nyingine yoyote. Kwa p ya 0.5 tunapata 384.16, nasi tunapandisha hadi 385, maana hakuna sehemu ya mtu. Lakini wauguzi wote wa hospitali hiyo, yaani N, ni 240 tu, na ndiyo sababu ya mstari wa pili, unaorekebisha hesabu kwa kundi dogo: 385 ÷ (1 + 384/240) ni 148.08, yaani 149.

Wapo watakaokataa na watakaorudisha dodoso likiwa nusu tupu. Ukitarajia upungufu wa asilimia 10, gawanya 149 kwa 0.9 upate 166. Wanafunzi wengi hujumlisha asilimia 10 ya 149 na kuishia 164, kisha upungufu huo ukitokea kweli wanabaki na 147 au 148, chini ya kile walichokihitaji. Aidha, iwapo hospitali ingekuwa na wauguzi 80, nisingekushauri uchukue sampuli hata kidogo, wahoji wote.

Sasa namna ya kuwapata, ambako ndiko kazi nyingi huharibikia. Nasibu si "yeyote niliyemkuta wodini". Ukiingia saa nne asubuhi na madodoso mkononi, utawapata wa zamu ya asubuhi, tena wale wasio na mgonjwa mahututi wakati huo. Wa usiku, ambao huenda ndio wenye wagonjwa wengi kwa muuguzi mmoja, hutawaona kabisa. Huo ni usampulishaji wa urahisi. Unaruhusiwa, mradi uuite kwa jina lake na ueleze udhaifu wake.

Kwa mada yako napendekeza usampulishaji nasibu tabakishi, kwa sababu mazingira ya kunawa mikono katika chumba cha upasuaji hayafanani na ya wodi ya watoto. Omba kwa muuguzi mkuu orodha kamili ya watumishi, waliopo likizo wakiwa wamewekewa alama. Kama wodi za tiba zina wauguzi 96, wazazi 72, watoto 48 na upasuaji 24, mgawanyo wa 166 kwa uwiano utakuwa 66, 50, 33 na 17. Ndani ya kila tabaka, mpe kila jina namba kwa `=RAND()` katika Excel, nakili namba hizo kama thamani ili zisibadilike, zipange, kisha chukua majina ya juu.

Usampulishaji wa mpangilio, yaani kuchukua kila mtu wa tatu baada ya kuanza kwa nasibu, unafaa zaidi pale usipokuwa na orodha, mfano foleni ya kliniki ya wajawazito. Ukiamua kuongeza mahojiano ya kina, hapo utateua kwa makusudi wenye uzoefu unaohitajika, na fomula hii haihusiki: utaendelea hadi mahojiano mapya yasipoleta jambo jipya, kisha ueleze ulitambuaje kwamba umefika hapo.

Jambo la mwisho kabla hujapeleka andiko kwa kamati ya maadili: aliyeteuliwa asipokuwepo, mrudie katika zamu nyingine, walau mara mbili. Akikataa, andika kwamba amekataa na uendelee. Usimpachike jirani yake wa zamu mahali pake, kwani nafasi ya wanaokataa tayari imo katika zile 166.