YAH: ANKARA ZILIZOPITA MUDA NA MPANGO WA KUZILIPA

Kihonda, Morogoro
12 Mei 2025

Meneja Mauzo,
Ghala la Unga, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Salaam. Tunadaiwa Sh 5,850,000 za mifuko 150 ya unga wa ngano: ankara Na. 0417 (Sh 2,340,000), 0432 (Sh 1,950,000) na 0448 (Sh 1,560,000). Deni tunalikiri lote. Hesabu zetu na zenu zinalingana.

Kilichotukwamisha ni shule mbili za bweni tunazozipelekea mikate. Hazijalipa tangu Februari. Nimeambatisha hati za mapokezi zenye mihuri yao, mjionee mkate ulifika.

Shule zinafunga Juni, kwa hiyo fedha zao sikuziweka kabisa kwenye mpango huu. Nimetegemea maduka 23 yanayolipa taslimu asubuhi. Nakala za daftari la oda za Machi na Aprili zinaonyesha kuwa, tukishatoa unga, hamira, kuni na mishahara, hubaki kama Sh 620,000 kwa wiki. Ningeweza kuahidi zaidi ili niwafurahishe, lakini wiki ya pili tu tungeanza kupigiana simu.

Naomba tulipe Sh 1,350,000 Ijumaa, 16 Mei, kisha Sh 500,000 kila Ijumaa hadi 18 Julai, deni liishe. Shule zikilipa mapema, tutawaingizia papo hapo. Unga mpya tutaununua kwa taslimu.

Tafadhali tujibuni kabla ya Alhamisi ili benki isitucheleweshe.

Wako katika biashara,
Mmiliki, Tanuri la Mikate, Kihonda