YAH: OMBI LA CHETI MBADALA CHA STASHAHADA

S.L.P. 1187,
Moshi.
11 Machi 2024

Msajili,
Chuo cha Ufundi Arusha,
Arusha.

Ndugu Msajili,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mhitimu wa Stashahada ya Uhandisi Ujenzi, mwaka 2016. Naomba nipatiwe cheti mbadala, kwani cha awali kimepotea.

Tarehe 24 Februari nilisafiri kwa basi kutoka Moshi kwenda Tanga kwenye usaili. Cheti kilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, kwenye begi dogo jeusi nililoweka juu ya kiti. Tuliposimama Korogwe kula, nilishuka bila begi, niliporudi halikuwepo. Kosa ni langu, bahasha ile ningeishika mkononi. Nimeulizia kituoni na kwa kondakta mara mbili, bila mafanikio.

Nimeambatisha taarifa ya upotevu kutoka polisi, hati ya kiapo iliyosainiwa mbele ya wakili, nakala ya kitambulisho cha taifa, picha mbili za pasipoti, na kivuli cha cheti chenyewe ambacho kwa bahati kilibaki kwa mwajiri wangu wa zamani. Namba ya cheti inasomeka vizuri kwenye kivuli hicho.

Naomba kujulishwa ada inayotakiwa ili nilipie mara moja. Mwajiri mpya amenipa hadi tarehe 30 Aprili kuwasilisha cheti. Kikichelewa, nitashukuru kupata walau barua ya uthibitisho wa kuhitimu.

Wako mtiifu,

(saini)
Neema J. Mollel