YAH: Malalamiko kuhusu dawa ya sakafu iliyofubaza vigae vya dukani kwangu

Duka la Vitenge na Viatu,
Double Road,
Moshi.

12 Machi 2025

Kwa Meneja wa Mauzo,
Ghala la mtaa wa Unga Limited,
Arusha.

Ndugu Meneja,

Salaam. Nimeamua kukuandikia baada ya mazungumzo yetu ya simu ya tarehe 6 Machi kuishia hewani. Ulisema vigae vyangu ni vya daraja la chini na maji ya Moshi yana chumvi, kisha ukaahidi kunipigia. Hukupiga. Sasa naomba jibu la maandishi.

Tarehe 3 Februari mliniletea madumu mawili ya lita 20 ya ile dawa ya kijani yenye harufu ya limau, ankara namba 0417, Sh 38,000 kila dumu. Kabla sijalipa, kijana wenu wa mauzo aliingia dukani, akaitazama sakafu, nami nikamuonyesha kwa kidole: vigae ni vya kung'aa, sentimita 60 kwa 60, vimebandikwa mwaka jana tu. Nikamuuliza kama dawa haitaviharibu. Akajibu, "Mama, hii ni ya sakafu zote, soma hapo." Kweli lebo imeandikwa "kwa sakafu zote". Kilichomo ndani hakijaandikwa, na hakuna onyo lolote.

Dada wa usafi aliitumia kama lebo inavyoelekeza, vifuniko viwili kwa ndoo ya lita 10. Pale mlangoni, ambako viatu vya wateja huacha tope la sokoni, alimwaga dawa bila maji, kwa sababu lebo hiyo hiyo inasema uchafu sugu usafishwe hivyo. Kusuuza hakukutajwa popote, kwa hiyo lile swali lako la "mlisuuza?" ungeliuliza kwanza waliochapa lebo.

Mwisho wa Februari sakafu ilikuwa imefubaa kuanzia mlangoni hadi kaunta. Mwanzoni tulidhani ni utando wa sabuni. Tukadeki kwa maji ya moto, tukakausha kwa kitambaa safi, tukarudia. Utando wa sabuni hutoka kwa maji ya moto, huu haukutoka. Ukipitisha kiganja, kigae kinakwaruza kidogo, kama kioo kilichosuguliwa kwa msasa.

Ulipotaja maji na ubora wa vigae nilikuwa bado sijasogeza sanamu za kuvalishia nguo. Nimezisogeza. Chini ya kila moja kuna duara linalong'aa hadi unaona taa ya dari ndani yake, na ukivuka ukingo wa duara hilo unaingia kwenye weupe uliokufa. Chini ya rafu za viatu ni hivyo hivyo. Ni vigae vya boksi moja, vimebandikwa siku moja na fundi mmoja, na maji ya bomba ni yale yale tuliyodekia tangu duka lifunguliwe, kwa sabuni ya kawaida, bila tatizo. Mahali ambapo dekio lenye dawa yenu halikufika pamebaki salama. Maji yenye chumvi hayachagui pa kupita, Ndugu Meneja.

Stoo nilikuwa na kigae kilichobaki wakati wa ujenzi, hakijawahi kukanyagwa. Mbele ya fundi wangu tulikigawa kwa utepe. Upande mmoja tukapaka dawa yenu bila maji, upande wa pili sabuni ya maji ya kawaida, tukaacha kwa muda ambao mtu angemaliza kikombe cha chai, tukasuuza pande zote mbili. Upande wa sabuni haukubadilika. Upande wenu umebaki na baka la kijivu lenye mkato mnyoofu pale utepe ulipokuwa. Kigae hicho nimekifunga kwenye gazeti na sikitoi dukani; njoo ukione hapa hapa.

Fundi pia alidondosha dawa kwenye grauti kati ya vigae viwili. Ikatoa mapovu madogo madogo na kuchemka kwa sauti. Saruji hufanya hivyo ikikutana na asidi, na ndiyo sababu grauti ya mlangoni sasa inatoka unga ukiikwangua kwa kucha. Asidi ya kawaida hula saruji, terazo na marumaru ya mawe, lakini kigae cha kiwandani huwa kinaihimili. Ile inayojulikana kula hata kioo na gamba la juu la kigae ni asidi ya hidrofloriki, ambayo huwekwa kwenye baadhi ya dawa za kuondoa kutu. Sisemi ndiyo iliyomo kwenye dumu lenu, kwa sababu sijapima. Ila naomba mniambie kwa maandishi kilichomo, kwa kuwa kama ndiyo, suala si mng'ao tena. Asidi hiyo ikipenya ngozi ni hatari kubwa, na binti yangu wa usafi amekuwa akishika dekio kwa mikono mitupu. Nimeshamkataza kuigusa.

Nimeuliza kama mashine ya kung'arisha inaweza kuokoa hali. Fundi amekataa. Kwa vigae vya aina hii mng'ao uko kwenye gamba jembamba la juu, na maua yamechapwa chini yake. Ukisaga unamaliza gamba na maua pamoja. Dawa ni kubandua na kubandika upya. Eneo lililoharibika ni mita za mraba 22, yaani maboksi 16 kwa Sh 42,000, jumla Sh 672,000. Gundi na grauti Sh 190,000. Fundi wa kubandua na kubandika Sh 260,000. Nikiongeza Sh 76,000 za madumu mawili, inakuwa Sh 1,198,000. Mauzo nitakayokosa duka likiwa limepinduliwa sijayahesabu, na wala siyadai, mradi tumalizane mapema.

Ninachoomba ni kiasi hicho, mje kuchukua dumu ambalo halijafunguliwa pamoja na mabaki ya lile jingine, na muwaarifu wateja wengine wa Moshi mliowauzia. Jirani yangu wa duka la vyombo amelinunua hilo hilo, na sakafu yake ni terazo.

Nitasubiri jibu hadi Jumatano, 26 Machi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi yake na kutegemea utaalamu wake, nami nilimweleza kijana wenu akiwa amesimama juu ya vigae vyenyewe. Tarehe hiyo ikipita kimya, nitapeleka sampuli ofisi ya Kanda ya Kaskazini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, hapo hapo Arusha, na malalamiko Tume ya Ushindani. Nisingependa tufike huko. Tumefanya biashara vizuri, na sabuni yenu ya vioo bado naitumia.

Idi inakuja mwisho wa mwezi huu na Pasaka ni tarehe 20 Aprili, kwa hiyo mchana siwezi kufunga duka. Mafundi wataingia Jumapili au usiku. Wewe ukija kukagua, njoo asubuhi kabla ya saa tatu, wateja hawajajaa, na uje na yule kijana wa mauzo. Nimeambatisha nakala ya ankara, picha za sakafu na makadirio ya fundi yenye sahihi yake.

Wako katika biashara,

Mama Neema
Mmiliki wa duka