Ombi la Kurejea Kazini kwa Awamu na Kupewa Kazi Nyepesi

Nkuhungu,
Dodoma.
4 Mei 2026

Meneja Rasilimali Watu,
Kiwanda cha Mafuta ya Alizeti,
Kizota, Dodoma.

Ndugu Meneja,

YAH: KUREJEA KAZINI KWA AWAMU KUANZIA 18 MEI 2026

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtunza ghala wa malighafi. Nimekuwa likizo ya ugonjwa tangu 12 Januari kufuatia upasuaji wa uti wa mgongo. Siku 126 zinazotolewa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini (63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu) zitaisha Jumapili, 17 Mei. Ninataka kurudi, na daktari ameniruhusu, ila kwa masharti yaliyo kwenye barua yake niliyoambatanisha: kwa wiki nane nisinyanyue kitu kinachozidi kilo 5, nisipande ngazi ya ghalani, wala nisisimame kwa zaidi ya nusu saa mfululizo.

Kwa hiyo naomba wiki mbili za kwanza nifike Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana. Wiki ya tatu na ya nne nifike kila siku ya kazi kwa saa hizohizo. Kuanzia 15 Juni nifanye saa kamili, bado bila kubeba mzigo. Jumanne na Alhamisi za mwanzo zikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka. Kuhusu malipo ya saa pungufu, naomba tukubaliane kwa maandishi kabla sijaanza.

Najua ombi hili limekuja wakati mbaya. Msimu wa alizeti unaanza, na malori ya Kongwa na Mpwapwa yatapanga foleni getini. Lakini hapohapo ndipo ninapoweza kufaa nikiwa nimekaa: kuandika hati za mizani, kupokea majibu ya unyevu wa mbegu na kulinganisha leja na mzigo uliomo ghalani. Msimu uliopita leja ilichelewa kwa sababu mtu huyohuyo alihesabu magunia na kuandika. Kitakachohitajika ni kiti chenye egemeo kwenye kibanda cha mizani.

Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinataka mwajiri aangalie uwezekano wa kurekebisha kazi ya mgonjwa kabla ya kufikiria kumwachisha. Ninaitaja tu ili jambo hili lisionekane ni upendeleo, maana maneno ya ghalani nayajua. Wenzangu waelezwe mipaka ya kazi yangu. Habari za ugonjwa wenyewe zibaki kwenye faili.

Niko tayari kuja ofisini siku yoyote wiki hii, isipokuwa Alhamisi asubuhi ambapo nina mazoezi ya viungo. Naomba pia tukutane 13 Julai, nikiwa na ripoti mpya ya daktari, tuamue kuhusu kubeba mizigo.

Wako mtiifu,

Yohana M.
Mtunza Ghala (Malighafi)

Nakala: Msimamizi wa Ghala
Kiambatisho: Barua ya daktari