Kipindi cha Jumatano: Kifua, Mgongo na Mikono Chumbani Sumbawanga

Kaka, pole na safari. Kutoka Dar mpaka Sumbawanga kwa basi, ukapitia Iringa, Mbeya na Tunduma, mgongo unakuwa umekunjwa kwa saa nyingi mno. Leo tembea kidogo, oga maji ya moto, lala. Kipindi hiki ni cha kesho jioni ukitoka kazini, kabla ya chakula. Kinahitaji kama saa moja simu ikiwa mbali. Ukiwa nayo mkononi, weka zaidi ya hapo.

Chumbani uwe na mipira yako miwili ya kuvuta, ile ya kitanzi, mwekundu mwembamba na mweusi mpana, ule mkanda wa mlangoni wenye kifundo, taulo, mto mmoja wa kupigia magoti na raba miguuni. Usifanye peku, maana mpira ukichomoka chini ya wayo unapiga kifundo cha mguu vibaya.

Uzito wako ni umbali

Jimu ukitaka kuongeza uzito unabadilisha dambeli. Hapa unasogea. Mpira ni mlaini mwanzo wa mvuto na mgumu mwishoni, na kila hatua unayorudi nyuma inaufanya mgumu tangu mwanzo. Kwa hiyo hesabu vigae vya sakafu kuanzia ukutani mpaka kwenye visigino vyako, na uandike. Ukiniambia "nimefanya mara 12 raundi nne" sijaelewa kitu. Niambie "mweusi, vigae vinne, mara 12, 12, 11, 9". Sakafu ikiwa ya saruji tupu, pima kwa nyayo zako.

La pili ni kurudisha. Mpira unapenda kukurudisha haraka, na wengi wanauachia, nusu ya kazi inapotea hapo. Vuta kwa sekunde mbili, shikilia moja pale pagumu, rudisha kwa tatu. Hesabu kwa sauti kama upo peke yako. Simamisha kila raundi ukiona zimebaki mara mbili tu ambazo ungeweza kuzifanya vizuri.

Mahali pa kufunga

Hapa ndipo watu wanapoumia, kwa hiyo nisome polepole.

Mlango wa chumba cha gesti karibu kila mara hufungukia ndani. Ukisimama chumbani ukauvuta, unaufungua, nao unakuja usoni pamoja na mpira. Usiutumie. Angalia mlango wa bafu. Kama unafungukia bafuni, basi ukisimama upande wa kitanda kila unapovuta unazidi kuubana kwenye fremu, na huo ndio tunaoutaka. Pitisha mkanda juu ya mlango, upande wa bawaba, kifundo kibaki bafuni, kisha funga mpaka kitasa kilie. Uvute kwa mikono miwili mara tatu, uso ukiwa pembeni, kabla ya kuanza. Mlango ukiwa wa plastiki au bawaba zikicheza, achana nao.

Kwa mazoezi ya usawa wa kifua na macho tumia nondo za dirisha, kama zipo upande wa ndani na zimechimbiwa ukutani. Zizungushie taulo kwanza, kwa sababu kutu na ncha za uchomeleaji hukata mpira. Bomba la sinki, mguu wa kitanda, fremu ya chandarua: hapana, hata kama vinaonekana imara.

Kisha ukague mipira yenyewe. Ipitishe vidoleni yote, inyooshe kidogo karibu na taa. Ukiona ufa, hata wa ukucha, mpira huo umekwisha kazi. Usifunge fundo ukaendelea nao.

Kupasha mwili: dakika 8

Huko ni nyanda za juu, mita kama 1,800, na jioni baridi inauma. Kwa hiyo nimeongeza muda wa kupasha, na usivue sweta mpaka jasho lianze.

Zungusha mabega mbele na nyuma kwa dakika moja. Piga magoti na viganja chini, upinde mgongo juu kisha uushushe, mara 10 taratibu. Hiyo ni ya kuondoa basi mwilini. Chukua mwekundu, mikono imenyooka mbele ya kifua, uupanue mpaka uguse kifua, mara 15. Halafu pushapu 10 za ukutani. Rudia zote mara mbili.

Sehemu ya kwanza: kuvuta na kusukuma

Raundi nne. Fanya zoezi la kwanza, pumzika dakika moja, fanya la pili, pumzika dakika moja na nusu. Ukiona unahema kuliko Dar, ni huo mwinuko. Jiongezee nusu dakika bila aibu.

*Kuvuta kuelekea mbavu.* Pitisha mweusi nyuma ya nondo usawa wa kifua, kila mkono ushike ncha moja ya kitanzi. Rudi nyuma vigae vinne, magoti yakunjwe kidogo, kifua juu. Kabla ya kukunja viwiko, vuta mabega nyuma na chini kwanza, kisha viwiko vifuate vikipita karibu na mbavu. Pale mwisho banisha mifupa bapa ya mgongoni kana kwamba unashikilia kalamu katikati yake. Mara 10 hadi 12. Ukifika 12 raundi mbili mfululizo bila kuyumba, rudi nyuma kigae kimoja zaidi.

Ulipokuwa hapa ulikuwa na tabia ya kuegemea nyuma ili uzito wa mwili uvute badala yako. Nakukumbusha tu.

*Pushapu za mpira.* Mwekundu upite mgongoni chini kidogo ya mabega, ncha zake uzikanyage kwa viganja. Shuka mpaka kifua kibaki ngumi moja na sakafu, viwiko vikielekea nyuma kwa mshazari, visitoke pembeni moja kwa moja. Kiuno kisilegee. Mara 8 hadi 12. Raundi ya tatu ukichoka, toa mpira umalizie bila huo. Ni afadhali pushapu sita safi za kawaida kuliko nne za kujikunja.

Sehemu ya pili: juu ya kichwa

Raundi tatu, mapumziko yaleyale.

*Kuvuta kutoka juu.* Mweusi kwenye mkanda wa mlango wa bafu, piga magoti juu ya mto, kigae kimoja na nusu kutoka mlangoni. Mikono juu, shusha viwiko mpaka viguse ubavu. Mabega yashuke kabla ya mikono, yasipande masikioni. Mara 12. Kwa kuwa hakuna bomba la kuning'inia, hili ndilo linalochukua nafasi ya kujivuta, kwa hiyo usilifanye kwa haraka ya kumaliza.

*Kusukuma juu kwa mkono mmoja.* Kanyaga ncha moja ya mwekundu kwa mguu wa kulia, katikati ya wayo, ncha nyingine iwe begani kulia. Kaza tumbo na makalio, sukuma juu. Kiwiko kiwe mbele kidogo ya mwili. Mara 10, kisha kushoto.

Bega lako la kulia: likichoma mbele, acha hapo hapo, usijaribu "moja ya mwisho". Badilisha hivi: funga mwekundu kwenye nondo usawa wa kifua, ligeuzie dirisha mgongo, sukuma mbele na juu kwa mshazari badala ya juu wima. Watu wengi huvumilia pembe hiyo. Nayo ikiuma, ruka zoezi zima, ongeza raundi moja ya kuvuta.

Sehemu ya tatu: nyuma ya mabega

Umekaa wiki nzima umeinamia mafaili na kompyuta, hili ni lako. Mwekundu kwenye nondo, usawa wa macho. Hakikisha taulo halijateleza, kwa sababu hapa mpira unakujia usoni. Rudi vigae vitatu. Vuta kuelekea paji la uso huku ukitenganisha mikono, mwisho ngumi ziwe pembeni mwa masikio na viwiko viwe juu. Raundi tatu, mara 15 hadi 20, pumzika sekunde 45. Likiwa gumu mpaka kiuno kinasukumwa mbele, sogea karibu. Hili si zoezi la kuonyesha nguvu.

Mikono

Raundi mbili, na hapa tu ndipo nakuruhusu kwenda mpaka ushindwe kwenye raundi ya mwisho. Baiseps: kanyaga mweusi kwa miguu yote miwili, viwiko vigande ubavuni, kunja mara 15. Miguu ikitanuka, mpira unakuwa mgumu zaidi, basi hapo kipimo chako ni upana wa miguu. Bila kupumzika nenda mlangoni: mwekundu juu, viwiko ubavuni, sukuma chini mpaka mikono inyooke, mara 15 hadi 20. Pumzika dakika moja, rudia.

Kumaliza

Weka mkono kwenye fremu ya mlango, kiwiko usawa wa bega, geuza kifua upande wa pili, sekunde 30 kila upande. Kisha lala chali sakafuni juu ya taulo, mikono imefunguka, pumua dakika mbili.

Chakula ni hapo gesti au mama lishe wa jirani: wali maharage na mayai mawili vinatosha kabisa, au samaki kama wapo, maana Ziwa Rukwa na Tanganyika hayako mbali. Chipsi kavu peke yake usiniambie ni chakula cha mazoezi.

Futa mipira kwa kitambaa chenye maji, bila sabuni kali wala mafuta, ikauke kivulini. Usiianike dirishani wala kuiacha kwenye dashibodi ya gari la ofisi. Jua ndilo linaloipasua. Kwenye begi itenge na vitu vyenye ncha.

Alhamisi pumzika, tembea tu. Kesho usiku nitumie namba za raundi zote pamoja na vigae, uniambie bega lilikuwaje kwenye kusukuma juu. Ukigundua mlango wa bafu haufai na nondo zipo nje ya vioo, nipigie kabla hujaanza, tupange kipindi cha kukanyagia mpira miguuni tu.